Wasifu wa kinyozi anayetafuta kazi hotelini

"Nina kibanda cha kinyozi hapa Malindi, sasa nataka kazi ya saluni hotelini. Kwenye wasifu, usafi niuandike vipi?"

Kaka, "nazingatia usafi" haimwambii meneja kitu. Andika unachofanya baada ya kila kichwa: nasugua nywele zote kwenye meno ya mashine kwa brashi, napaka spiriti ya asilimia 70, naiacha ikauke yenyewe. Wembe ni mpya kwa kila mteja, uliotumika unaingia kopo gumu lenye kifuniko. Lile sanduku la taa ya bluu la kuulia vijidudu usilitegemee, mwanga haupenyi uchafu.

Mitindo, taja unayoweza kunyoa papo hapo, maana watakujaribisha. Wateja wa kudumu waeleze kwa aina; majina na simu usiweke bila idhini yao, kuna sheria ya data ya 2019. Cheti cha NITA kiandike na gredi yake.