Drafti siyo moja: navyotofautisha michoro ya nguo kabla sijaandika maelezo

Nauza mtumba hapa Dar, na wateja wangu wengi hawajawahi kuniona. Natoka Karume asubuhi na pisi zangu, nafika home nafua, napiga pasi, napiga picha, naweka Watsapu na maelezo, mtu wa Mbeya au Tanga anachagua bila kuishika nguo. Sasa kwa biashara ya hivyo neno likikosewa basi nguo imekosewa. Mwanzoni mi nilikuwa kila chenye mistari inayokatana naandika "drafti" na kila kingine naandika "maua", imeisha hiyo. Mpaka dada mmoja wa Morogoro akaniagiza koti la madirisha, la kaka yake anayeenda kupeleka posa, nikamtumia koti zuri kabisa lakini la drafti ndogondogo zenye mistari ya rangi mbili. Likarudi na basi lilelile. Nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mimi, na kaka mtu akaenda posa na koti la kuazima, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikalichukua lile koti nikampelekea fundi mmoja mzee wa suti ninayempa kazi za kupunguza. Nikamwamkia, nikamweleza kisa. Akalitandaza mezani, akasema, "Mwanangu, rangi achana nayo kwanza. Nionyeshe mstari una unene gani, na kati ya mstari na mstari pamebaki nini." Swali hilo ndilo natumia mpaka leo kwenye familia nzima ya drafti.

Dirisha lenyewe, windopeni, ukiliangalia kwa swali hilo halikuchanganyi kabisa. Mstari ni mwembamba, mara nyingi nyuzi moja mbili tatu tu, wa rangi moja, na kati ya mistari pamebaki pakubwa, kitambaa kitupu. Juzi nimelipima koti moja la bluu iliyoiva kwa rula, vyumba vyake vina upana wa sentimita 4 na urefu wa 5, na ndivyo mara nyingi inavyokuwa, kinasimama kirefu kidogo kama kioo cha dirisha la chuma la nyumba za zamani. Lile koti nililomtumia dada wa Morogoro lilikuwa tatasoli. Nayo ina mistari myembamba na kitambaa kitupu katikati, ndio maana niliingia mkenge, ila mistari yake inapokezana rangi, mwekundu, wa kijani, mwekundu, wa kijani, na vyumba ni vidogo, kidole gumba kinakaribia kuziba kimoja. Jina limetokana na Tatasoli, soko la kuuzia farasi lililoanzishwa London mwaka 1766, mablanketi ya farasi yalikuwa na drafti za hivyo. Kwa hiyo kumbuka, ukiona rangi mbili za mistari zinapokezana kwenye vyumba vidogo, usiandike dirisha.

Halafu kuna gingamu, ile ya vitambaa vya meza na magauni ya watoto. Hapa mstari siyo mwembamba tena, mstari na nafasi vina upana uleule, kwa hiyo unapata vimiraba sawasawa. Na ina alama moja ambayo ukishaiona huisahau: nyuzi ni za rangi mbili tu, tuseme nyeupe na nyekundu, lakini jicho linaona rangi tatu. Nyekundu ikikatana na nyekundu inatoka nyekundu iliyoiva, nyeupe na nyeupe inabaki nyeupe, nyekundu na nyeupe zikipishana unapata kama pinki hivi. Mistari ikianza kuwa na unene tofauti tofauti na rangi kibao, minene kwa myembamba imepangwa kwa zamu, hapo umeingia kwenye tatani za Uskochi, ni ukoo mwingine, na shuka nyingi za Kimasai tunazozijua zimekaa upande huo.

Sasa masweta. Agaili ndiyo inayogombewa kwangu msimu wa baridi, wateja wa Iringa na Njombe wanaiulizia kwa "sweta la uru", na hawajakosea, maana umbo lake ni lile la uru kwenye karata, limesimama kwa ncha. Ila uru peke yake haitoshi kuita agaili. Agaili ina tabaka mbili: kwanza mauru ya rangi tofauti yamegusana ncha kwa ncha, halafu juu yake inapita mistari myembamba ya mshazari inayokatana katikati ya mauru, kama wavu umetupwa juu. Ukikuta mauru yamejaa kifuani halafu hakuna ule wavu, hiyo ni halekwini, iite hivyo au andika tu "mauru matupu" mteja akuelewe. Asili ya agaili ni tatani ya ukoo wa Kambeli wa huko Agaili, magharibi ya Uskochi, na ukiigeuza drafti ya tatani ikae mshazari unaona kabisa uru zinatoka wapi.

Kwenye sweta lolote la agaili mi nageuza ndani kabla sijapanga bei. Ikiwa imefumwa kweli kwa kila uru na uzi wake, upande wa ndani utaona mauru yaleyale yamekaa safi, na vincha vya nyuzi vimefichwa pale rangi zinapokutana. Mara nyingi ule mstari wa mshazari umeshonewa juu baadaye, ukipitisha kidole unausikia umenyanyuka kidogo. Kuna nyingine ndani unakuta nyuzi ndefu zimelala legelege kutoka uru hadi uru, hiyo mara nyingi ni ya mashine, siyo mbaya lakini mvaaji aangalie, pete au kucha ikinasa inavuta. Na kuna ya kuchapwa, ndani ni nyeupe au imepauka, ukivuta kifuani mchoro unapasuka unaonyesha rangi ya chini. Hizi tatu bei yake haiwezi kuwa moja hata zikiwa zinafanana kwenye picha.

Shevroni na heringiboni ndizo zilizonichukua muda mrefu zaidi, na bado naona wenzangu wengi wanaziandika kinyume. Zote ni zigizaga. Shevroni ni ile V ya begani kwa askari, koplo anazo mbili, sajenti tatu, sasa zipange V kwa V mpaka ziungane upande kwa upande, upate mstari mmoja unaopanda na kushuka bila kukatika. Weka kidole kwenye mstari mmoja ufuate: unapanda, unafika kwenye ncha, unashuka, unapanda tena, kidole hakijaruka popote. Kwa heringiboni kidole kitaruka. Unapanda na mshazari, ukifika kwenye kona unakuta mshazari wa upande wa pili haukuanzia hapo ulipoishia wako, umeanzia juu kidogo au chini kidogo, umepishana. Hiyo mipishano ikijipanga kutoka juu mpaka chini inatengeneza kama mfereji, na ndio maana inaitwa miba ya samaki, mfereji ndio uti wa mgongo na mishazari ndiyo miba. Nina koti la sufu la kijivu hapa mbele yangu saa hii, kila safu ina upana wa sentimita moja na nusu, na mifereji inashuka wima kutoka begani mpaka pindo, kwa mbali unaona koti la kijivu lenye mistari tu, ukilisogelea mpaka mita moja ndio miba inatokea.

Tofauti nyingine ni kwamba heringiboni kwa kawaida iko kwenye ufumaji wenyewe, uzi umekwenda mshazari halafu umegeuzwa, wakati shevroni nyingi unazokutana nazo kwenye magauni na sketi zimechapwa. Kujua kama imefumwa au imechapwa, fungua pindo kwa ndani, chomoa uzi mmoja kwenye kitambaa kilichobaki. Uzi ukiwa na rangi moja mwanzo mwisho, mchoro umefumwa. Uzi huohuo ukiwa mweusi hapa mweupe pale, umechapwa. Siyo lazima ukate chochote, uzi mfupi unatosha, mradi umepita kwenye rangi zaidi ya moja za mchoro.

Polka doti nilidhani haina maneno, duara ni duara. Kumbe nayo ina mpangilio wake: nukta zote ukubwa mmoja, zimeachana sawa, na mara nyingi nukta ya safu ya pili haikai chini ya nukta ya kwanza, inakaa chini ya uwazi, kwa hiyo ukiziunganisha kwa macho unapata mshazari. Nukta zikiwa kubwa kwa ndogo zimetupwa ovyo, mi naandika "madoadoa" tu, maana anayeagiza polka doti anataka ule utaratibu. Na ukubwa lazima uutaje, kichwa cha pini ni kitu kimoja na sarafu ni kitu kingine, dada anayetaka blauzi ya ofisini kwa kawaida anamaanisha ya pini. Jina limetokana na ngoma ya polka iliyovuma Ulaya karne ya 19. Sisi huku wazee wanasimulia kanga ilipata jina lake kwa ndege kanga, kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa nyeusi zenye madoa meupe kama manyoya yake.

Kitu cha mwisho ni simu. Michoro midogo na iliyobanana, heringiboni na hausituthi hasa (hausituthi ni ile drafti iliyovunjika yenye vipembe kama meno ya mbwa), ukipiga picha ya koti zima kamera inatoa mawimbi ambayo kwenye nguo hayapo, mteja anaona kama mistari ya rangi inaelea. Mi siku hizi napiga picha mbili. Ya kwanza koti zima kwa umbali wa mita mbili hivi, ya pili karibu kabisa, sarafu ya mia mbili imewekwa juu ya kitambaa, ili mtu apime mwenyewe chumba cha dirisha au nukta ni kubwa kiasi gani. Na kwenye maelezo naandika jina, halafu naandika na umbo kwa Kiswahili cha kawaida, mfano "windopeni, mstari mmoja mweupe mwembamba, vyumba vikubwa 4 kwa 5, imefumwa". Dada wa Morogoro nilimtumia koti jingine miezi kadhaa baadaye, la bluu, na picha ya sarafu, akanijibu kwa sauti ya sekunde nne: "Ehee, hilo sasa. Kaka anafunga ndoa tarehe 14, lipakie leo."