Re: Ugomvi wa pesa usioisha

> "Tuna miaka 11 kwenye ndoa. Mimi naweka, yeye anatumia, na kila mwezi tunagombana yaleyale. Kwa nini hauishi?"

Dada, pole sana. Kuna utafiti wa Scott Rick na wenzake, uliochapishwa 2011, uliokuta kwamba mbahili na mtumiaji huvutana. Kila mmoja haipendi tabia yake ya pesa, hivyo humpenda aliye kinyume chake. Wakishaoana, tofauti hiyohiyo inawagombanisha.

Ugomvi hurudi kwa sababu mnabishania manunuzi, wakati kila mmoja ana hofu yake. Chukua mke anayenunua hisa 5 za kikoba kila wiki, kila hisa 5,000. Kwa mwezi ni kama laki moja. Mume haoni kitu mpaka siku ya kuvunja kikoba, mwisho wa mwaka, kwa hiyo kwake hiyo pesa imepotea. Yeye akimtumia mdogo wake elfu hamsini ya matibabu, mke anaona pengo, ila mume anaona heshima yake kwao imesimama. Wakibishana kuhusu hiyo elfu hamsini tu, mwezi ujao watarudi palepale.

Kaeni mshahara ukiingia, si siku ya ugomvi. Hisa na pesa ya ndugu vitengwe siku hiyohiyo, na kila mmoja abaki na kiasi asichoulizwa. Mwoneshe na daftari la kikoba. Ila kama anaficha madeni, hiyo ni kesi nyingine, na mgao hautaitatua.