Kabla ya kuomba kazi, ligeuze tangazo liwe saa za kazi

Kazi yangu ni kunukuu sauti. Napewa rekodi ya Kiswahili, naisikiliza, naandika kinachosemwa. Niko Mombasa, na wateja wangu wengi nawapata Upwork, jukwaa la kazi za mtandaoni. Katika mwaka wangu wa kwanza niliomba kazi moja ambayo tangazo lake nimelihifadhi mpaka leo, maana karibu kila kilichonitesa kilikuwa kimeandikwa mle mle, nami nikakipita.

Tangazo lilisema kuna mahojiano 20 yaliyofanywa Kilifi, kila moja la dakika 45 hivi. Malipo ni dola 200 kwa kazi nzima, na mteja anataka "English transcripts" ndani ya wiki mbili. Nikaona dola 200, nikaona Kiswahili, nikatuma ombi usiku huo huo.

Hebu tulisome upya. Mahojiano 20 ya dakika 45 ni saa 15 za sauti. Saa moja ya sauti safi, mmoja anauliza na mwingine anajibu, hunichukua saa nne kuinukuu. Lakini mteja hakutaka Kiswahili kiandikwe. Alitaka maandishi ya Kiingereza. Neno kutafsiri halikutajwa popote, ila kazi yenyewe ilikuwa tafsiri. Nikisikiliza Kiswahili huku naandika Kiingereza, saa moja ya sauti hunila saa nane. Kwa hiyo ni saa 120 za kazi. Gawa dola 200 kwa saa hizo, unapata dola 1 na senti 67 kwa saa, kabla jukwaa halijakata chake. Na ili umalize kwa wiki mbili, ufanye saa zaidi ya nane kila siku, Jumapili ikiwemo.

Hapo bado tunadhani sauti ni safi. Rekodi zilipofika nikakuta akina mama wanane wamekaa nje, wote wanaongea, jogoo anawika, na mazungumzo yakinoga wanahamia Kigiriama. Nilirudi kwenye tangazo nikiwa na hasira, nikakuta herufi tatu, "FGD". Ni kifupi cha majadiliano ya kikundi. Mimi nilidhani ni jina la mradi! Nilimaliza kwa karibu saa 200.

Tangu siku hiyo, kifupi nisichokijua nakitafuta kabla ya kuomba. Neno jingine la kuangalia ni "verbatim": mteja anataka kila "eeh", kila kigugumizi, kila sentensi iliyokatikia njiani. Akiongeza na alama za muda kila msemaji anapobadilika, kazi inapanda tena na bei haijasogea.

Kuhusu bajeti, dola 5 iliyoandikwa kwenye tangazo mara nyingi si bei. Fomu inadai tarakimu, mteja kaweka yoyote. Sibishani na tarakimu hiyo. Nashuka chini kwenye historia yake, ambako kazi zake za nyuma zinaonekana pamoja na alicholipa. Kama mtu alilipa dola 300 kwa kazi inayofanana na hii, naijua bei yake. Kama kazi zake zote za nyuma ni za dola 10, hiyo nayo ni bei yake, hata akiandika kwa herufi kubwa kwamba malipo ni mazuri. Asiye na historia kabisa simkatai, kila mtu huanza, ila namuuliza kwanza.

Kuna dalili ambazo hazihitaji hesabu. Anayetaka mhamie Telegram kabla ya mkataba, au utume ada ya usajili, achana naye. Iliyo ngumu kuigundua ni ya jaribio la bure. Mteja anaomba kila mwombaji anukuu kipande cha dakika kumi "kama mfano". Mimi na rafiki yangu tuliwahi kuomba kazi moja bila kuambiana. Tulipolinganisha, kipande changu kilianza dakika ya 20, chake dakika ya 30 ya rekodi ile ile. Waombaji watano tu wanatosha kumaliza dakika 50 bila mteja kutoa senti. Mfano wa kweli ni kipande kimoja kwa wote, na dakika mbili zinatosha kumpima mtu.

Juzi nimeona tangazo linalofanana na lile la Kilifi. Nilianza ombi langu kwa maswali matatu: kila rekodi ina wasemaji wangapi, wanachanganya lugha gani, na maandishi yawe ya Kiswahili au Kiingereza? Mteja akajibu kwamba ni wawili wawili, Kiswahili kitupu, na yaandikwe Kiswahili. Saa 6 za sauti, saa 24 za kazi. Nikamtajia bei yangu, sasa nangoja.