IgM imesoma chanya, paka kafukuzwa

Nikiwa na wiki 11 za mimba yangu ya pili nilitoka maabara na karatasi ya kipimo cha kijidudu kiitwacho toksoplasma: IgG chanya, IgM chanya. Jioni ile ile mama mkwe, aliyesikia kwamba kijidudu hicho hutoka kwenye kinyesi cha paka, alimtia paka wetu kwenye gunia, akampeleka sokoni. Mimi nililia usiku kucha.

Nilichokosa kujua ni hiki. IgG na IgM ni kingamwili, askari wa damu. IgG ni kumbukumbu: mwili uliwahi kukutana na kijidudu hicho. IgM hutokea mwanzoni mwa maambukizi, lakini huweza kubaki kwenye damu miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kwa hiyo karatasi yangu haikusema niliambukizwa lini, na hilo ndilo swali lenyewe. Mama aliyeambukizwa zamani, kinga yake ikiwa nzima, kwa kawaida hamwambukizi mtoto. Anayeambukizwa akiwa mjamzito ndiye wa kufuatiliwa: mapema, kijidudu huvuka kondo la nyuma kwa nadra ila kikivuka huumiza ubongo na macho, na mtoto anaweza kupata kichwa kikubwa. Miezi ya mwisho huvuka kirahisi zaidi, lakini mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha jicho likamsumbua miaka baadaye.

Daktari aliomba kipimo cha aviditi, yaani IgG inavyoshika kijidudu kwa nguvu. Mshiko hukomaa taratibu. Wangu ulikuwa wa juu, maana yake maambukizi yalikuwa na miezi kama 4 au zaidi, na mimba ilikuwa na wiki 11 tu. Ungekuwa wa chini, usingethibitisha kwamba ni mapya, kwani kwa wengine hukaa chini muda mrefu. Ningerudia vipimo na pengine kuanzishiwa dawa ya spiramaisini. Kipimo hiki kiombe mapema, kwa sababu ukisubiri hadi mwezi wa saba wa mimba, jibu la juu halikuambii kama uliambukizwa kabla ya mimba.

Na paka? Kwa kawaida hutoa mayai ya kijidudu wiki chache tu, mara nyingi anapoambukizwa mara ya kwanza, na mayai huhitaji siku 1 hadi 5 nje ndipo yaambukize. Kinyesi kikizolewa kila siku, na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Mimi naogopa zaidi mishkaki yenye wekundu ndani, na mchicha uliosuuzwa mara moja ukiwa bado na udongo.

Karatasi hiyo hiyo ilikuwa na rubela na CMV, virusi viwili vinavyoweza pia kumdhuru mtoto tumboni. Rubela kinga yake ni chanjo, ila huchomwa angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, si ukiwa nayo. CMV, inayoweza kumwacha mtoto kiziwi, hukaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo, kwa hiyo niliacha kumalizia uji wa mwanangu kwa kijiko chake.

Paka alirudi mwenyewe siku ya nne, amekonda. Kinyesi chake anazoa baba watoto.