Nilimtengea mjomba kikombe, nikasahau dirisha

Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, rangi ya bluu, na kwenye mkono wake nilifunga uzi mwekundu ili watoto wasikosee. Mjomba alikuwa na sahani yake, kijiko chake, taulo lake na ndoo yake ya kuogea. Vyombo vyake niliviosha mwisho, kwa maji ya moto, nikavianika peke yao juu ya kichanja uani. Nilijiona nauguza kwa akili.

Alitoka Newala mwezi wa tano akaja kwangu Mtwara mjini, kikohozi kikiwa tayari kimeshamzoea. Duka la dawa la mtaani lilikwisha kutuuzia dawa za maji za kikohozi chupa tatu na vidonge vya rangi mbili, na kila chupa ikiisha tunasema hali ina nafuu. Wiki ya tano ndipo nikampakia kwenye bajaji kwenda kupima. Walimpa kikopo cha makohozi, wakamwelekeza akakoholee nje, chini ya mti, si ndani wala chooni. Majibu yakatoka: kifua kikuu.

Muuguzi wa kliniki akaniuliza tunaishije nyumbani. Nikaanza kumhesabia kikombe, sahani, kijiko, taulo. Akaniacha nimalize, kisha akauliza swali moja: "Chumba anacholala dirisha lake likoje?"

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa ubao. Kwanza mbu, pili vibaka, tatu mjomba mwenyewe alisema upepo wa kusi unamchoma kifuani. Na humo ndani, kwenye godoro la chini, alikuwa analala mpwa wangu wa kidato cha tatu, ili mzee akihitaji maji usiku awepo wa kumpa. Kijana huyo hajawahi kugusa kile kikombe cha bluu hata siku moja.

Muuguzi alinieleza hivi, nami nimekuja kulielewa vizuri kwa kuishi nalo. Vijidudu vya kifua kikuu havikai kwenye kikombe vikimsubiri mtu anywe. Mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akiongea kwa nguvu, vinatoka na vitone vidogo mno visivyoonekana, na vitone hivyo vinaelea. Katika chumba kilichofungwa vinaweza kuelea kwa saa kadhaa, hata mgonjwa akiwa ameshatoka kwenda kuota jua. Anayeingia humo anavuta pumzi, navyo vinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Kwa kikombe, kwa sahani, kwa shuka, kwa kupeana mkono, ugonjwa huu hauambukizi. Kikombe kioshwe kwa sabuni kama vyombo vingine, basi.

Uzi mwekundu niliukata jioni ile ile. Mjomba aliniona, hakusema kitu, ila alikunywa chai vikombe viwili. Kumbe siku zote alikuwa anaacha nusu.

Ubao tuliung'oa kesho yake, tukaweka nyavu ya mbu, na nondo zilikuwepo tayari kwa ajili ya vibaka. Lakini dirisha moja wazi si lazima lilete hewa. Nyumba yetu ni hizi za korido katikati na vyumba pande mbili, na chumba chenye dirisha moja na mlango uliofungwa ni kama chupa: upepo unafika mdomoni unarudi. Nilijuaje? Kwa udi. Washa kijiti kimoja cha udi katikati ya chumba, kaa pembeni uangalie moshi. Ukipanda na kutanda darini kama wingu, hewa imesimama. Ukiona moshi unalala na kukimbilia upande mmoja, hewa inatembea, na huo upande unaokimbilia ndio njia ya kutokea. Kwetu moshi ulitanda. Tulipofungua mlango wa chumba na mlango wa uani kwa pamoja, ukageuka mara moja ukafuata korido hadi nje.

Hapo nikagundua tatizo jingine: hewa ya chumba cha mjomba ilikuwa inapita korido nzima, mbele ya vyumba vya watoto. Kwa hiyo tulibadilishana. Mjomba alihamia chumba cha mwisho karibu na uani, chenye madirisha mawili kwenye kuta mbili tofauti, ambacho kilikuwa changu. Mlango wa kuingilia korido tuliufunga, madirisha yote mawili yakabaki wazi usiku na mchana. Baridi tuliitibu kwa blanketi na sweta, mbu kwa chandarua. Nilirudia jaribio la udi: moshi ukaingia dirisha la upande wa kusi, ukatokea lile la pili. Kitanda chake tukakiweka upande wa kutokea, na kigoda changu upande wa kuingilia, ili upepo unifikie mimi kwanza ndipo umfikie yeye. Kusi ikigeuka kaskazi, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, upande unaweza kubadilika, basi washa udi tena.

Feni nayo ina mambo yake. Pangaboi la darini linakoroga tu hewa ile ile. Feni ya mezani inasaidia ukiielekeza dirishani ipulizie nje, na wewe usikae kati ya mgonjwa na hilo dirisha.

Najua wapo wenye chumba kimoja, watu watano. Kwa hao mchana una thamani kuliko usiku. Mgonjwa ashinde nje: mkeka chini ya mwembe, kitanda cha kamba uani, barazani. Nje vile vitone vinatawanyika na upepo, na jua linaua vijidudu. Mazungumzo, chakula, kumnyoa ndevu, vyote vifanyike huko. Usiku watoto wadogo wapelekwe kwa bibi au kwa jirani kwa wiki zile za mwanzo, na anayebaki alale karibu na upande hewa inapoingilia. Kugeuziana miguu kitandani watu wanakusifia sana, ila hewa ya chumba ni moja, haijui kichwa kiko wapi.

Wageni ndio walinipa kazi. Mzee kama mjomba akiugua, ukoo mzima unakuja kumjulia hali, na kwetu huwezi kumwambia mkubwa asiingie ndani. Nilichofanya ni kumtoa yeye: kila jioni saa kumi tunampeleka barazani, kiti chake tayari, na wageni wanamkuta hapo. Hakuna aliyejisikia kufukuzwa. Kumwambia azibe mdomo ilikuwa ngumu zaidi, maana mjomba kwetu ndiye msemaji wa nyumba. Nilimshonea vitambaa kumi vya kanga kuukuu nikamwambia, "Mjomba, shikamoo, naomba unisaidie hili, kikohozi kikija ukikinge kwa hiki." Akacheka, akakubali.

Barakoa ni ya mgonjwa kwanza, kwa sababu inavizuia vitone vinapotokea. Alivaa kwenye bajaji na kliniki. Ile ya kitambaa ukiivaa wewe muuguzaji haikukingi sana, vitone vidogo vinapita pembeni ya mashavu. Inayokinga ni ya N95, inayobana uso, na hiyo si rahisi kuipata kila siku. Ndiyo maana nategemea dirisha.

Makohozi alitemea kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Kila asubuhi nilimwaga kwenye shimo la choo, nikaosha kopo kwa maji ya moto na sabuni, nikaliacha juani, kisha nikanawa mikono. Shuka nilifua kama kawaida.

Dawa ndiyo kinga nyingine, na hii watu hawaihesabu kama kinga ya wauguzaji. Mjomba alikuwa na kilo 47, akapewa vidonge vitatu kila asubuhi kwa miezi 2, ndani yake dawa 4, halafu miezi 4 ya dawa 2. Bure, hatukulipa. Akizinywa sawasawa, uwezo wa kuambukiza unashuka sana ndani ya wiki mbili hivi za mwanzo, ingawa ugonjwa wenyewe bado haujapona. Kwa hiyo nilisimama mbele yake kila siku nikaona vidonge vimemezwa. Siku ya pili alitoka chooni ameshika ukuta: mkojo umekuwa rangi ya chungwa. Hiyo ni dawa, haina madhara. Cha kukimbilia kliniki ni macho kuwa manjano au kutapika kusikoisha. Na kama ni kifua kikuu sugu, hesabu ya wiki mbili usiitumie, fuata utakachoambiwa kliniki.

Nyumba nzima tuliitwa kupimwa. Tuliulizwa kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Binti yangu wa miaka 4 hakuonekana kuumwa, akaanzishiwa dawa za kinga, kwa sababu wenye umri chini ya miaka 5 ugonjwa ukiwashika unakwenda nao haraka, hata kama walichanjwa. Mpwa wangu naye alionekana mzima. Mwezi wa nane akaanza kukohoa. Wiki mbili zilipotimia sikungoja chupa ya dawa ya maji, nilimpeleka, naye akakutwa nacho. Kupimwa mara moja hakutoshi, maana ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miezi, hata miaka.

Mtu asinielewe kwamba taulo na kikombe havina makosa kabisa. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipozuka nchini, nyumba yetu tuliugua watatu kwa zamu, na njia ilikuwa taulo moja la uso lililoning'inia bafuni. Pale dirisha lisingetusaidia lolote: ilitakiwa kila mtu na taulo lake, kunawa mikono, na kutofikicha jicho. Tumbo la kuhara nalo linapita kwenye mikono na kata inayochovywa mtungini. Kila ugonjwa una mlango wake, uliza mlango huo kabla hujatenga vyombo.

Mpwa wangu alimaliza dozi mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, shule alikosa majuma machache tu. Mjomba alimaliza kabla yake, akarudi Newala na kilo 58. Juzi alinipigia simu. Sikujua anataka nini mpaka aliposema ameita fundi atoboe dirisha la pili chumbani, na amewasha udi kuangalia. Mkewe amegoma kulala humo kwa sababu ya baridi, na Newala mwezi wa sita simlaumu.