Kuhara maji baada ya antibayotiki: choo kipimwe kabla ya kuongeza dawa

SWALI: "Daktari, mama yangu ana miaka 64, tuko Busia. Alipimwa damu akaambiwa ana taifodi, akachomwa seftriaksoni siku 5, kisha akapewa siprofloksasini ya siku 7. Siku 6 baada ya kumaliza ameanza kuhara maji tupu, mara 9 au 10 kwa siku, tumbo la chini linamkata na ana homa kidogo. Kliniki wanataka kumwongezea antibayotiki nyingine. Jirani anasema tumpe loperamaidi. Tufanye nini?"

JIBU: Loperamaidi, dawa ya kufunga kuhara, acheni kabisa, na antibayotiki nyingine isianze kwa kubahatisha. Mpelekeni mama leo penye daktari na maabara, mkieleza dawa zote mbili alizotumia na tarehe alizozimaliza. Hizo tarehe ndizo zinazonifanya nishuku bakteria aitwaye Klostridioidesi difisile.

Utumbo mpana una bakteria wengi wasio na madhara, na wingi wao ndio unaombana huyu asipate nafasi. Seftriaksoni na siprofloksasini zinawafyeka wale wema. Yeye anabaki, kwa sababu hujificha katika mbegu zenye ganda gumu ambalo dawa hizo haziliwezi. Uwanja ukiwa mtupu anaota, anazaana na kutoa sumu inayochubua ukuta wa utumbo. Ndiyo maana kuhara kunaweza kuanza dawa ikiwa bado inamezwa, au wiki kadhaa baada ya kuisha. Siku 6 za mama yako zimo humo, na umri uliozidi miaka 60 unaongeza hatari. (Kipimo cha damu cha Widali peke yake hakithibitishi taifodi, kwa hiyo huenda dawa zile hazikuhitajika tangu mwanzo. Hilo mtaliuliza akipona.)

Hata hivyo, kushuku si kuthibitisha. Wengi wanaohara baada ya antibayotiki hawana bakteria huyu, na choo chao hutulia siku chache baada ya kuacha dawa. Pale kwenu lazima kipindupindu nacho kifikiriwe, hasa kama choo kinafanana na maji ya mchele na kinamtoka kwa wingi wa ghafla.

Sasa kipimo. "Kupima choo" kwa kawaida ni kutafuta amiba na mayai ya minyoo kwa darubini, na bakteria huyu haonekani kwa njia hiyo. Kuotesha choo kwa kawaida nako hakumpati, maana hewa ya oksijeni inamuua. Fomu iandikwe wazi kwamba inatakiwa sumu ya Klostridioidesi difisile. Kama maabara ya karibu haina kipimo hicho, waulizeni hospitali ya rufaa ya mkoa kabla ya kusafirisha kopo. Choo kiwe cha maji, kile kinachochukua umbo la kopo. Kikishagandamana hakifai kupimwa. Halafu kiwekwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwenye kisanduku chenye barafu, kwa sababu sumu hiyo huharibika kwenye joto la kawaida. Kopo likizunguka saa mbili juani nyuma ya boda, jibu linaweza kurudi "hakuna" na ugonjwa upo.

Mkiwa njiani na mkisubiri majibu, kazi ni maji. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja kamili ya maji safi, anywe mililita 200 hadi 400 kila baada ya kuhara, kidogokidogo kama anatapika. Kwa mara 10 hiyo ni lita 2 hadi 4 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo apangiwe kiasi na daktari. Kama anatumia vidonge vya presha vya kukojoza, vitajeni mapema, kwani huenda vikahitaji kusimamishwa kwa muda.

Ikithibitika, au daktari akiona hali haingoji majibu, dawa inayotegemewa ni vankomaisini ya kumeza, mg 125 mara 4 kwa siku kwa siku 10. Hapa ndipo makosa hutokea. Vankomaisini inayopatikana mara nyingi ni unga wa sindano, na muuguzi kwa mazoea ataiweka kwenye dripu. Ikipita kwenye mshipa haifiki utumbo mpana kwa kiasi cha kuponya, inatoka na mkojo. Ikinywewa, haifyonzwi kwenda kwenye damu. Inateremka na utumbo hadi kwenye ugonjwa, na ndicho tunachotaka.

Unga huo huo wa sindano unaweza kunywewa. Mfamasia au muuguzi anayeyusha kichupa cha mg 500 kwa mililita 10 za maji ya sindano, kwa hiyo kila mililita ina mg 50. Anavuta mililita 2.5, yaani mg 125, anaondoa sindano, anamimina dawa kwenye maji kidogo na mama anakunywa. Ladha ni mbaya, juisi kidogo inasaidia. Kichupa kimoja kinatoa dozi 4, ambazo ni za siku nzima. Kiyeyushwe kila asubuhi, kinachobaki kikae kwenye friji. Siku 10 ni vichupa 10.

Vankomaisini ikikosekana au bei ikiwashinda, na ugonjwa si mkali, daktari anaweza kutumia metronidazo ya kumeza, mg 400 hadi 500 mara 3 kwa siku kwa siku 10. Ni dhaifu kuliko vankomaisini. Na katika siku hizo hakuna waragi wala malwa.

Ukali unasomwa kwenye damu pia: chembe nyeupe kufika 15,000 au zaidi, au kreatinini, kipimo cha figo, kuzidi mg 1.5 kwa desilita, ni ugonjwa mkali. Lakini ishara ninayoihofia zaidi inaonekana nyumbani. Mgonjwa aliyekuwa anahara mara 10 anaanza kuhara mara 2, ndugu wanafurahi, kumbe tumbo linavimba na kuwa gumu. Utumbo umeacha kusukuma na unaweza kupasuka. Loperamaidi inaweza kuleta hali hii kwa kuifungia sumu ndani. Tumbo likijaa hivyo, au mkojo ukipungua sana, au akichanganyikiwa, ni hospitali yenye daktari wa upasuaji, usiku huohuo.

Anayemhudumia anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Sanitaiza ya spiriti haiui zile mbegu. Choo na beseni vipanguswe kwanza, kisha jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa sita vya maji, ikae dakika 10. Someni asilimia kwenye chupa, kwa sababu zinatofautiana.

Choo kikishatulia, msirudie kipimo ili "kuhakikisha". Kinaweza kuendelea kuonyesha bakteria kwa wiki kadhaa kwa mtu aliyepona. Lakini karibu mmoja kati ya watano huhara tena, mara nyingi ndani ya wiki 8. Akirudia kuhara maji mara 3 au zaidi kwa siku, hapo ndipo mrudi kupima. Na popote atakapoandikiwa antibayotiki baadaye, aseme kwanza kwamba aliwahi kupata ugonjwa huu.