Rafiki ameacha dawa za kifua kikuu

"Rafiki yangu hapa Kadutu ameacha dawa za kifua kikuu akiwa mwezi wa 2 wa matibabu, anasema amepona. Analala chumba kimoja na mtoto wake wa miaka 3. Ameniapisha nisimwambie mtu. Nifanyeje?"

Dada, kiapo hicho hakikufungi, maana anayeweza kuumia ni mtoto ambaye hakuulizwa. Kikohozi hutulia mapema huku vijidudu vingine vingali hai. Ndiyo sababu matibabu ya kawaida huchukua miezi 6. Ukikatiza, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Anza naye mwenyewe, leo, mkiwa wawili. Muulize kilichomshinda: kichefuchefu, njaa, au aibu ya kuonekana kituoni? Jitolee kumsindikiza kesho asubuhi, mtoto naye achunguzwe. Mtoto asipokuwa mgonjwa, anaweza kupewa dawa za kinga. Mwambie wazi: "Usipokwenda, keshokutwa nitamwambia muuguzi wako."

Asipokwenda, mwambie muuguzi huyo tu. Mama mkwe na wanakwaya haiwahusu, na hapo uaminifu wako kwa rafiki yako unabaki mzima. Atakununia, pengine muda mrefu. Endelea kupita kwake. Na asirudie vidonge vilivyobaki nyumbani kabla muuguzi hajamwona.